Kila Mwisho wa Mwezi Washindi Hupangwa Upya

Kupokezana kwa msukumo wa bei ni utaratibu wa uwekezaji unaofanywa mara moja kwa mwezi. Mwekezaji huwa na orodha fupi ya mali zinazouzwa sokoni. Huzipanga kuanzia iliyopanda zaidi katika miezi iliyopita hadi iliyofanya vibaya kuliko zote, kisha huweka fedha zake katika mbili au tatu za juu tu. Mwezi unaofuata ukiisha, hesabu hurudiwa. Mali iliyoshuka kwenye orodha huuzwa, iliyochukua nafasi yake hununuliwa, na kama mpangilio haujabadilika hakuna linalofanyika. Utaratibu huu hauhitaji kusoma hesabu za kampuni wala kubashiri uamuzi wa benki kuu. Bei ya zamani na bei ya sasa zinatosha.

Wazo hili linakwenda kinyume na ushauri wa kawaida wa kununua kilichoshuka na kuuza kilichopanda, na kwa muda mrefu wataalamu wa uchumi walilitilia shaka. Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti katika Journal of Finance uliobadilisha mjadala huo. Walichukua hisa za Marekani za miaka ya 1965 hadi 1989, wakazipanga kwa jinsi zilivyofanya katika miezi sita, kisha wakapima matokeo ya kununua zilizoshinda na kuuza kwa kukopa zilizoshindwa, kwa miezi sita mingine. Mkakati huo ulileta faida ya ziada ya wastani wa takribani asilimia 12 kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye, Clifford Asness, Tobias Moskowitz na Lasse Pedersen walionyesha kwamba jambo hilohilo linaonekana pia katika masoko ya hisa ya nchi mbalimbali, katika hatifungani, sarafu na bidhaa ghafi.

Maelezo yanayokubalika zaidi ya sababu zake yanaanzia kwa watu wenyewe. Habari njema kuhusu kampuni au nchi haiingii kwenye bei siku moja. Wengine huisikia mapema, wengine huiamini baada ya robo mwaka. Aliyenunua na kupata faida huwa na haraka ya kuuza ili faida isimponyoke, ilhali mwenye hasara hung'ang'ania akisubiri bei irudi, tabia iliyoelezwa na Hersh Shefrin na Meir Statman mwaka 1985. Wauzaji hao wenye haraka huizuia bei isifike mara moja pale inapostahili, hivyo hupanda polepole kwa miezi kadhaa. Baadaye wafuasi hujaa, bei hupitiliza, na mwisho hugeuka. Ndiyo maana msukumo hupimwa kwa miezi, kwa kawaida kati ya mitatu na kumi na miwili. Kwa kipindi cha miaka mitatu hadi mitano, tafiti nyingi zimeona kinyume chake: walioshinda huanza kubaki nyuma.

Tafiti hizo zilitumia mamia ya hisa, na nusu ya mkakati ilikuwa kuuza kwa kukopa, kazi ambayo mtu wa kawaida haiwezi na hapaswi kuijaribu. Walioufanya utaratibu huu uwe wa watu wengi, miongoni mwao Mebane Faber na Gary Antonacci, waliacha upande wa kuuza na kutumia mifuko michache ya uwekezaji inayouzwa sokoni kama hisa. Mfuko mmoja wa aina hiyo hubeba soko zima, kwa hiyo orodha ya mifuko saba inatosha kuwakilisha sehemu kubwa ya dunia ya uwekezaji.

Orodha ya namna hiyo, kwa mifuko ya New York, inaweza kuwa hivi: SPY kwa kampuni kubwa za Marekani, EFA kwa hisa za nchi nyingine tajiri, EEM kwa masoko yanayoinukia, VNQ kwa kampuni za majengo ya kupangisha, AGG kwa hatifungani za Marekani, GLD kwa dhahabu, na DBC kwa bidhaa ghafi kama mafuta, nafaka na shaba. Kando yao huwekwa mahali pa kujihifadhi, yaani dhamana za muda mfupi za Serikali ya Marekani, ambazo mfuko wake mmoja hujulikana kwa herufi BIL. Uteuzi wa orodha ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Mifuko saba ya hisa za teknolojia ingepanda pamoja na kuanguka pamoja, na kuipanga kwa nafasi kusingemsaidia mtu chochote. Nguvu ya utaratibu huu iko katika mali ambazo haziendi njia moja.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba:

```
faida = (bei ya leo / bei ya miezi 12 iliyopita) - 1
```

Wakia ya dhahabu, kwa mfano, ilikuwa takribani dola 1,900 mwishoni mwa Mei 2021 na takribani dola 1,840 mwishoni mwa Mei 2022. Ukigawanya 1,840 kwa 1,900 unapata 0.968, na ukitoa moja unabaki na hasara ya asilimia 3 hivi. Kwa dhahabu hesabu huishia hapo kwa sababu dhahabu haitoi gawio. Kwa mifuko mingine ni lazima gawio na riba viingizwe, na hapa ndipo wengi wanaoanza hukosea. Mfuko wa hatifungani hutoa riba kila mwezi, na kila inapotoka, bei ya mfuko hushuka kwa kiasi hichohicho. Anayelinganisha bei tupu ataona hatifungani zikishindwa na dhahabu hata katika mwaka ambao zimeishinda. Tovuti za bei huonyesha safu mbili, ya bei ya kufunga na ya bei iliyorekebishwa kwa gawio. Inayotumika ni hii ya pili.

Baada ya kupanga nafasi kuna mtihani wa pili, nao ndio uliompatia Antonacci jina la kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu msukumo wa aina mbili. Kushika nafasi ya juu hakutoshi, kwa sababu soko zima likianguka, mshindi anaweza kuwa yule aliyepoteza kidogo kuliko wenzake. Kwa hiyo kila mfuko uliochaguliwa hulinganishwa pia na dhamana za muda mfupi. Kama faida yake ya miezi 12 haikuzidi ya dhamana hizo, nafasi yake haipewi mfuko mwingine. Fedha zake hukaa kwenye dhamana hadi mwezi unaofuata.

Mwaka 2022 ni kipimo kizuri, kwa kuwa hisa na hatifungani zilianguka pamoja. Tuchukue utaratibu unaoshika mifuko mitatu kwa mafungu sawa, wenye kipimo cha miezi 12, unaoanza siku ya mwisho ya Desemba 2021. Siku hiyo DBC ilikuwa imepanda takribani asilimia 41 kwa mwaka, VNQ takribani 40, na SPY karibu 29. EFA ilikuwa na 11. EEM, AGG na GLD zote zilikuwa chini ya sifuri. Uamuzi haukuwa na utata: theluthi moja ya fedha iende kwenye bidhaa ghafi, nyingine kwenye majengo, nyingine kwenye hisa za Marekani.

Mwaka ulipofunguka, benki kuu ya Marekani ilikuwa inajiandaa kupandisha riba, na hisa zikaanza kushuka Januari. Mpangilio haukutikisika. Mwishoni mwa Machi hisa za Marekani zilikuwa bado na faida ya zaidi ya asilimia 15 zikilinganishwa na Machi ya mwaka uliotangulia, ingawa tayari zilikuwa zinapoteza tangu Januari. Kipimo cha miezi 12 hubeba kumbukumbu ndefu: miezi mizuri ya mwaka jana huendelea kuufunika ubaya wa sasa mpaka itoke kwenye dirisha. Aprili ikavunja kumbukumbu hiyo. Hisa zilishuka karibu asilimia 9 ndani ya mwezi huo mmoja, faida ya miezi 12 ikabaki kama asilimia 0.2, na dhahabu ikazipita. SPY ikauzwa, GLD ikanunuliwa. Fungu lililokuwa SPY lilikuwa limekwisha kupoteza takribani asilimia 13 tangu mwaka uanze.

Dhahabu nayo haikudumu. Mei ilishuka takribani asilimia 3, na kama hesabu ya juu inavyoonyesha, faida yake ya mwaka ikawa hasara. Ikatoka baada ya mwezi mmoja tu. Hakukuwa na mfuko wa kuchukua nafasi yake uliokuwa ukiishinda dhamana ya Serikali, hivyo fungu hilo likaenda BIL. VNQ ilisalia mwezi mmoja zaidi. Ilipoondolewa mwishoni mwa Juni, majengo yalikuwa yameanguka kama asilimia 20 kwa nusu mwaka. Faida ya miezi 12 ya dhahabu ilikuwa imerudi juu ya dhamana, hivyo GLD ikachukua fungu hilo kwa mwezi mmoja, ikashuka tena, na mwishoni mwa Julai theluthi ya pili ya fedha ikaenda kujihifadhi pia. DBC pekee ndiyo iliyobaki hadi Desemba, ikamaliza mwaka na faida ya takribani asilimia 19.

Kwa hesabu ya haraka, bila kuingiza ada na bila kusawazisha mafungu katikati ya mwaka, fungu la bidhaa ghafi lilileta 19, la majengo likapoteza kama 21 na nusu baada ya kuingiza mwezi wa dhahabu na riba ndogo ya dhamana, na lile lililoanza na hisa likapoteza kati ya 14 na 15. Wastani wake ni hasara ya takribani asilimia 6. Mwaka huohuo aliyekaa na hisa za Marekani tu alipoteza 18, na aliyechanganya hisa asilimia 60 na hatifungani asilimia 40, mseto unaohesabiwa kuwa wa watu waangalifu, alipoteza takribani 16.

Ni matokeo mazuri, lakini yafaa kuangalia yametokana na nini. Kuuza hisa mwishoni mwa Aprili kuliokoa kidogo, maana sehemu kubwa ya anguko ilikuwa imeshapita. Wokovu ulitoka sehemu mbili: kushika bidhaa ghafi, ambazo vita vya Ukraine vilizipandisha zaidi, na kutoshika kabisa hatifungani wala masoko yanayoinukia. Hapo kupanga nafasi kulifanya kazi kubwa kuliko mtihani wa dhamana.

Bili ililetwa mwaka uliofuata. Utaratibu uliingia Januari 2023 ukiwa na theluthi mbili za fedha kwenye dhamana na theluthi moja kwenye bidhaa ghafi zilizokuwa zimeshaanza kuchoka; kufikia mwisho wa Machi nazo zilikuwa na hasara ya mwaka. Hisa za nchi tajiri nje ya Marekani zilikuwa zimerudi juu ya mstari kufikia mwisho wa Aprili. Zile za Marekani zilichelewa zaidi. Mwishoni mwa Mei faida yao ya miezi 12 ilikuwa karibu asilimia 3, na riba ya dhamana ilikuwa imepanda kiasi cha kuizidi kwa kidogo sana. Zilifaulu mwishoni mwa Juni, zikiwa zimekwisha kupanda karibu asilimia 17 tangu Januari. Mwenye fedha alilazimika kutazama miezi sita ya kupanda huku akiwa amekaa pembeni.

Ucheleweshaji huu hauondoki kwa kurekebisha hesabu, kwa kuwa ndio hesabu yenyewe. Kinachobadilika ni umbo la anguko. Lile la 2008 lilikuwa refu, na huko utaratibu ulifaa sana. Hisa za Marekani zilishindwa mtihani wa miezi 12 mwishoni mwa Januari 2008, wakati faharasa ya S&P 500 ilipokuwa 1,378, tayari chini ya kilele chake cha 1,565 cha Oktoba 2007. Zilifaulu tena mwishoni mwa Oktoba 2009, faharasa ikiwa 1,036. Aliyefuata kanuni alikosa chini yenyewe, ile 676 ya Machi 2009, na alikosa mruko mkubwa uliofuata. Hata hivyo alirudi kwenye bei iliyo robo chini ya ile aliyouzia. Kuchelewa pande zote mbili hakukumdhuru kwa sababu shimo lilikuwa pana.

Mwaka 2020 shimo lilikuwa jembamba. Hisa zilianza kuanguka baada ya tarehe 19 Februari na kufika chini tarehe 23 Machi. Mwisho wa Februari ulipofika, kipimo cha miezi 12 kilikuwa bado chanya, hivyo hisa zikabaki. Mwisho wa Machi kikawa hasi, zikauzwa, zikiwa zimepoteza karibu asilimia 20 kwa miezi miwili. Aprili zikapanda karibu asilimia 13, Mei karibu 5, na kanuni ikaruhusu kurudi mwanzoni mwa Juni. Aliyeifuata alibeba hasara yote na kukosa karibu asilimia 18 ya kurudi.

Msukumo wenye upande wa kuuza kwa kukopa huumia vibaya zaidi katika mageuko kama hayo. Kent Daniel na Tobias Moskowitz walionyesha kwamba kati ya Machi na Mei 2009 hisa za Marekani zilizokuwa za mwisho kabisa zilipanda asilimia 163, huku zilizokuwa za kwanza zikipanda 8 tu. Aliyeuza zile na kununua hizi alifilisika kwa mwelekeo uliokuwa sahihi mwaka mzima. Anayeshika tu mifuko mitatu hawezi kupoteza namna hiyo. Hasara yake kubwa ni kuachwa nyuma.

Kutokana na ucheleweshaji huo, wengi hushawishika kufupisha kipimo. Miezi mitatu ingekuwa imewatoa sokoni mapema mwaka 2022. Lakini kipimo kifupi huuza na kununua mara nyingi zaidi, na kila mtikisiko mdogo huwa sababu ya kutoka. Hakuna idadi ya miezi iliyo bora siku zote, na mtu akijaribu vipimo ishirini juu ya bei za zamani, kimoja lazima kitaonekana cha ajabu kwa bahati tu. Dalili ya bahati hiyo hujulikana kirahisi: kama miezi saba inaleta matokeo mazuri sana, huku sita na nane zikileta ya kawaida, saba hiyo haina kitu ndani yake. Njia ya busara zaidi ni kuchukua wastani wa vipimo vitatu, tuseme miezi 3, 6 na 12, na kukubali matokeo yasiyo bora kuliko yote wala mabaya kuliko yote. Kwa hisa mojamoja, watafiti huacha pia mwezi wa mwisho usihesabiwe, kwa kuwa hisa iliyoruka mwezi uliopita mara nyingi hurudi nyuma kidogo. Kwa mifuko inayobeba soko zima, wengi hawaufanyi ukato huo.

Siku ya kufanya hesabu nayo huleta tofauti ambayo wachache huitarajia. Watu wawili wenye orodha na kanuni zilezile, mmoja akipanga tarehe ya mwisho wa mwezi na mwingine tarehe 15, wanaweza kumaliza mwaka mmoja wakiwa mbalimbali kwa asilimia kadhaa. Katika Machi 2020 wiki mbili zilikuwa ni umri. Tiba yake ni kugawa fedha katika mafungu mawili au manne, kila fungu likiwa na siku yake ya mwezi. Hilo haliongezi faida ya muda mrefu. Huzuia matokeo yote yasiegemee siku moja.

Katika majaribio ya bei za zamani kuna kosa jingine linalofanya karatasi ionekane nzuri kuliko maisha. Mpangilio hutokana na bei ya kufunga soko ya siku ya mwisho, na jaribio likidai kuwa mtu alinunua kwa bei hiyohiyo, limempa habari kabla haijatokea. Ununuzi halisi huwa siku inayofuata, na jaribio la haki hutumia bei ya siku hiyo, likitoa kamisheni ya dalali na pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia.

Ada ndizo zinazoamua kama utaratibu huu unafaa mahali fulani. Mifuko mikubwa ya New York huuzwa kwa pengo la sehemu ndogo ya asilimia, na kubadilisha mfuko mmoja kila baada ya miezi michache hakugharimu sana. Kwenye masoko ya Dar es Salaam au Nairobi hali ni tofauti. Kaunta zinazouzwa kwa wingi kila siku ni chache, na amri ya kuuza katika nyingine inaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi. Ikiwa kamisheni na tozo zinakaribia asilimia 2 kwa kununua na nyingine 2 kwa kuuza, kubadilisha kaunta moja hula asilimia 4 ya fungu hilo, na mabadiliko manne kwa mwaka hula 16. Zaidi ya hayo, bei isiyobadilika kwa wiki kadhaa kwa sababu hakuna aliyeuza wala kununua huonekana katika hesabu kama utulivu, na bei iliyorukia juu kwa biashara moja ndogo huonekana kama msukumo.

Njia moja ya kupunguza mabadiliko ni kuweka nafasi ya kuvumilia. Mfuko hununuliwa ukiingia tatu bora, lakini hauuzwi mpaka utoke kwenye tano bora au ushindwe mtihani wa dhamana. Katika mfano wa 2022, kanuni hiyo isingeiuza SPY mwishoni mwa Aprili kwa sababu tu ya kupitwa na dhahabu, kwa kuwa ilikuwa ya nne na bado iliizidi dhamana kwa unywele. Ingebaki Mei, mwezi ambao hisa hazikusogea sana, kisha ingetoka mwisho wa mwezi huo ilipoangukia chini ya dhamana. Dhahabu isingenunuliwa mwishoni mwa Aprili, na hasara yake ya Mei ya asilimia 3, pamoja na ada za kuingia na kutoka, zingeepukwa.